Sauti, giza au uso: njia tatu za kutisha kwenye filamu fupi isiyo na pesa ya efekti

Mwaka juzi tulishuti filamu fupi ya dakika 6 ndani ya nyumba ya mama mdogo, Tanga. Pesa ya efekti hatukuwa nayo kabisa. Hakukuwa na damu ya bandia, wala mtu wa kupakwa mekapu ya maiti, wala fundi wa kutuchorea jini kwenye kompyuta. Tulikuwa na simu moja ya kushutia, simu ya pili ya kurekodia sauti, taa mbili, mwigizaji mmoja, na usiku wa siku tatu kabla wenye nyumba hawajaihitaji nyumba yao. Kulikuwa na tukio moja tulilobishania sana, kwa hiyo tukaamua kulishuti mara tatu, kila usiku kwa njia yake, kisha tukayaangalia matoleo yote matatu moja baada ya jingine. Nayaeleza hapa kwa ajili ya mtu mwenye skripti mkononi ambaye anatakiwa achague, maana kwa siku chache namna hiyo huwezi kuzifanya njia zote tatu zikakaa sawa.

Tukio lenyewe ni hili. Rehema, binti wa miaka 19, amerudi kwenye nyumba ya marehemu bibi yake baada ya arobaini. Ni usiku, amekaa sakafuni sebuleni, anakunja kanga za bibi na kuzipanga kwenye boksi ili kesho zigawiwe. Nyuma yake kuna korido fupi, na mwisho wa korido kuna mlango wa chumba cha bibi. Humo chumbani kuna kitu, na kinatoka. Hatutakionyesha. Tuna sekunde 70 za kumfanya mtazamaji ajue kwamba kimetoka.

Unaweza kumjulisha kwa masikio, kwa kile anachokiona na asichokiona kwenye fremu, au kwa uso wa Rehema. Lakini kabla hujachagua, kuna kazi moja inayodaiwa na njia zote tatu. Kudokeza ni kumkumbusha mtu, na mtu hakumbushwi asichokuwa amekijua. Ukimsikilizisha hatua za miguu kwenye korido bila kumpa sababu ya kuziogopa, atasikia hatua za miguu tu, na atafikiri kuna mtu mwingine mle nyumbani ambaye hujamtambulisha. Filamu nyingi fupi za kutisha nilizoombwa kuzitazama zinaangukia hapo. Mtengenezaji anajua kwamba ni mzimu, mtazamaji hajui, basi kila mmoja anaangalia filamu yake.

Sisi tulipanda mbegu tatu ndani ya dakika ya kwanza. Ya kwanza: Rehema anaangalia kwenye simu video ya sikukuu ya Idi. Watoto wanacheza mbele ya kamera, na nyuma yao bibi anapita na kandambili zake, mguu mmoja akiukanyaga na mwingine akiuburuta. Chwap, krrr. Chwap, krrr. Mtoto mmoja anamwita, "Bibi, njoo tupige picha." Sekunde 6, basi. Ya pili: Rehema anafunga mlango wa chumba cha bibi kwa komeo, tunaliona komeo likiingia. Ya tatu ndiyo ninayoipenda zaidi: anachukua mtandio wa bibi kwenye msumari uliopigiliwa ukutani, na msumari wenyewe uko chini sana, usawa wa kifua cha Rehema. Hakuna anayesema lolote, lakini mtazamaji ameshajua kwamba bibi alikuwa mfupi. Kila mbegu ilikuwa ya njia yake, kama utakavyoona.

Usiku wa kwanza: masikio

Kamera tuliiweka mbele ya Rehema, chini, ikamwonyesha yeye, boksi na ukuta. Korido haionekani hata kidogo. Kitu chote kiko kwenye sauti.

Hatua nilizirekodi mwenyewe baada ya kushuti, karibu saa 5 usiku, nimevaa kandambili juu ya sakafu ya saruji. Kosa langu la kwanza lilikuwa kuweka simu ya kurekodia karibu na miguu, kama sentimita 30, nikidhani nitaipunguza sauti baadaye iwe ya mbali. Haikuwa ya mbali. Ilikuwa sauti ya karibu iliyopunguzwa, kama mtu mdogo anayetembea juu ya meza. Sauti inayotoka mbali haipungui nguvu peke yake. Ule ukali wake wa juu unamezwa na mlango na nguo zilizotundikwa, na kinachokufikia kimechanganyika na mwangwi wa kuta. Sikio linajua tofauti hiyo hata kama mwenye sikio hajui kuieleza. Kesho yake nikaiweka simu mahali pale pale Rehema alipokuwa amekaa, juu ya boksi, nikafunga mlango wa korido nusu, nikaenda kutembea kule kule ambako bibi angetembea. Sikuhitaji kuhariri chochote. Nyumba yenyewe ilikuwa imeshaifanya kazi.

Kwenye uhariri, kilichobeba tukio ni mpangilio. Sekunde ya 12 inasikika chwap moja tu, nayo iko chini ya mchakacho wa kanga inayokunjwa. Rehema hashtuki. Asishtuke, maana mtazamaji aliyeisikia anabaki nayo peke yake, anajiuliza kama ameisikia kweli. Baada ya sekunde 9 inakuja chwap, krrr, na hapo mkono wa Rehema unasimama hewani. Sasa wote wawili wanajua. Kisha tunakaa. Kisha zinakuja hatua nne, za taratibu, zikisogea, na zinakoma.

Pale zinapokoma ndipo pa kushika. Tulijaribu toleo ambalo hatua zinafika mpaka nyuma ya mgongo wa Rehema, na nguvu ikashuka. Kitu kikishafika, mtazamaji anadai kukiona, na sisi hatuna cha kumwonyesha. Kikikomea katikati ya korido, anaanza kukihesabia mwenyewe: kimesimama, kinafanya nini, kwa nini kimesimama? Mfano maarufu wa jambo hili ni wa mwaka 1942, filamu iitwayo *Cat People*, iliyotayarishwa na Val Lewton kwa bajeti ndogo na kuongozwa na Jacques Tourneur. Mwanamke anatembea usiku kandokando ya bustani, nyuma yake tunasikia viatu vya mwanamke mwingine anayemfuata, halafu vile viatu vinakoma. Anaongeza mwendo, anageuka, hakuna kitu, na ghafla breki za basi zinazomea kama mnyama. Hadi leo mbinu hiyo ya kushtua inaitwa kwa jina la lile basi. Ila ukiitazama kwa makini, basi linakuja kukusanya tu. Hofu ilishazaliwa pale viatu vilipokoma. Wengi wanaiga basi na kusahau viatu.

Jambo la pili ni ukimya. Tulirekodi dakika nzima ya sebule tupu, bila mtu kupumua: nyenje nje, friji jikoni, bati linalolia kidogo. Sauti hiyo tuliitandika chini ya tukio lote. Kisha sekunde 4 kabla ya zile hatua nne, tukawatoa nyenje. Friji tukaiacha. Aliyekulia kijijini anajua nyenje hunyamaza mtu anapopita karibu nao, na hata asiyejua anahisi kuna kitu kimeondoka. Angalia usikate sauti yote kabisa, maana hapo mtazamaji anadhani simu yake imekata, anaigonga gonga, na umempoteza.

Njia hii inaharibikia wapi? Kwanza kwenye kurekodi. Simu nyingi zinajipandishia sauti zenyewe penye ukimya na kujishushia penye kelele. Ukirekodi hatua kwa programu ya kawaida ya simu, utasikia mvumo wa chumba ukipanda kama wimbi kati ya hatua na hatua, na siri yote imetoka. Tafuta programu inayokuruhusu kufunga kiwango cha sauti, kisha kifunge ili kilele kikae karibu na desibeli -12. Pili, mitaa yetu. Bodaboda, mbwa, redio ya jirani. Sebule tuliyokuwa nayo ilitulia kati ya saa 5 na saa 9 usiku tu, na tulipoteza rekodi nzuri mbili kwa sababu ya jogoo asiyejua saa.

Tatu, na hili linawaumiza wengi: ule mvumo mzito wa chini unaopakuliwa bure na kuwekwa chini ya kila filamu ya kutisha. Kwenye hedifoni unatikisa kifua. Kwenye spika ya simu haupo, kwa sababu kispika kile hakiwezi kutoa sauti nzito za chini, na watazamaji wako wengi wanatazama kwenye simu. Kama hofu yako yote imekaa kwenye mvumo huo, hao hawana filamu. Kwa hiyo sikiliza kazi yako mara mbili, kwanza kwenye spika ya simu, halafu kwenye hedifoni. Sisi tulikuta chwap inafifia kwenye spika lakini krrr inapita vizuri, kwa sababu mburuto una sauti za juu. Tukapandisha krrr.

Nilimpa mama mdogo alitazame toleo hili jikoni, mchana, simu ameiegemeza kwenye sufuria. Hatua zilipokoma aligeuka akaangalia korido yake mwenyewe. Hakusema kitu, alirudi kuchambua mchele. Kipimo nilichokuwa nakitafuta nikawa nimekipata.

Usiku wa pili: mlango ulio nyuma

Hapa tuliigeuza. Hakuna hatua, hakuna sauti ngeni. Kamera iko mbali kidogo, Rehema yuko upande wa kushoto wa fremu, na upande wa kulia wote ni korido, yenye mlango wa bibi mwisho wake. Rehema ameipa kisogo. Tunaanza mlango ukiwa umefungwa. Tunakata kwenda kwenye mikono yake na kanga. Tunarudi: mlango uko wazi upana wa kiganja. Hakuna anayeusogeza mbele ya macho yetu, wala kamera haiukaribii. Tunakata tena, tunarudi: uko wazi nusu, na ndani ni giza.

Toleo hili lilikuwa zuri kuliko yote nilipolitazama kwenye kompyuta ya rafiki, chumba kikiwa kimezimwa taa. Mtazamaji anayeugundua mlango mwenyewe anaogopa mara mbili, kwa sababu anajua jambo ambalo Rehema hajui na hana wa kumwambia. Lakini lilitugharimu zaidi ya lile la sauti, na sikutarajia hivyo. Mtu anasema giza ni la bure. Kwa simu, giza ni ghali.

Ukizima taa na kushuti, kamera ya simu inajitahidi kuona. Inapandisha usikivu wake, yaani ISO, picha inajaa chenga, halafu programu inajaribu kuzifuta na kuta zinakuwa kama zimepakwa uji. Giza linalotisha ni giza jeusi lililotulia, na hilo linapatikana kwa kuwasha taa. Tuliweka taa moja pembeni ya Rehema, mita moja hivi, ikimwangazia uso na kanga. Ya pili tuliificha kwenye korido, nyuma ya pembe ya ukuta, imefunikwa kitambaa, ikaupa ukingo wa mlango mstari mwembamba wa mwanga. Chumba cha bibi hatukuweka kitu. Kisha tukafunga mwanga wa kamera kwa kuupima usoni mwa Rehema, ISO tukaibakiza 400, na kile kisichofikiwa na taa kikawa cheusi chenyewe. Kasi ya shata iwe 1/50, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50 na ukiweka 1/60 baadhi ya taa za ledi zitapepesa kwenye picha. Usipoufunga mwanga, kila Rehema akiinama kamera itajirekebisha, korido itapauka ghafla, na mtazamaji ataona kwamba mle ndani mna ndoo na ufagio.

Shida kubwa ikaja baada ya kuhariri. Tuliituma kwa WhatsApp kwa watu watano. Wawili tu ndio waliouona mlango. Video ikibanwa, sehemu za giza ndizo zinazoumia kwanza; mistari miembamba inayeyuka na weusi unavunjika kuwa vibao vibao. Ongeza jua la mchana kwenye kioo cha simu, na korido yetu yote ilikuwa mstatili mweusi usio na kitu. Tulilazimika kuurudia usiku ule kwa kuupa mlango mwanga mara mbili zaidi na kuning'iniza kanga nyeupe nyuma ya ubao wake, ili ukifunguka kuwe na tofauti inayoonekana. Kipimo changu siku hizi ni kile kile: itume, ipokee kwenye simu ya bei rahisi, punguza mwangaza wa kioo hadi nusu, tazama ukiwa kibarazani. Kama mlango hauonekani hapo, haupo.

Muda nao una deni lake. Mlango unahitaji picha ndefu. Kila tuliporudi kwenye korido tulikaa sekunde 8 mpaka 10 ili jicho lipate nafasi ya kutangatanga na kufika kule lenyewe. Ukikata kabla, hajaona. Ukisogeza kamera kumwonyesha, umemnyang'anya ugunduzi wake. Kwa filamu ya dakika 6 hizo ni sekunde nyingi, na mtu anayetelezesha video kwa kidole gumba hazitoi kwa urahisi.

Usiku wa tatu: macho ya Rehema

Toleo la tatu ni uso tu. Rehema ameelekea korido safari hii, kamera iko mbele yake, karibu, tunauona uso kuanzia nywele mpaka kidevu. Anakunja kanga. Anainua macho. Anaona. Hatuonyeshi anachokiona.

Kila mtazamaji wa filamu amezoea kwamba mtu akitazama kitu, picha inayofuata itakionyesha hicho kitu. Ukimnyima, anakijaza mwenyewe, na atakachojaza kitamfaa yeye kuliko chochote ambacho ungekishona kwa shuka. Ila analazimika kuwa na kitu cha kujazia, na hapo ndipo msumari wa chini unafanya kazi. Tulibandika vipande viwili vya plasta kwenye ukuta nyuma ya kamera. Kimoja usawa wa msumari wa bibi, kingine karibu na dari. Rehema anainua macho hadi plasta ya kwanza, anakaa nayo, uso unalegea kidogo kama mtu aliyemwona anayemfahamu. Kisha macho yanapanda. Taratibu, bila kuruka, mpaka plasta ya pili. Kilichosimama mlangoni ni kirefu kuliko bibi, au kinarefuka. Hatukulitamka neno hilo popote kwenye filamu. Mdogo wangu alipoliona alisema tu, "Siyo yeye huyo."

Njia hii haidai taa nyingi wala ukimya wa mtaa. Inamdai mtu. Mwigizaji wetu alitoka kwenye michezo ya jukwaani, ambako hofu lazima ifike mstari wa mwisho wa viti, na mara tatu za kwanza alitoa macho, akafungua mdomo, akashika kifua. Kwa picha ya karibu kiasi kile ilichekesha. Kumwambia "punguza" hakukusaidia, kwa sababu mtu anayepunguza anaonekana anapunguza. Kilichosaidia ni kumpa kazi. Nilimwambia, "Dada, hesabu kimoyomoyo kurudi nyuma kutoka 100, ukiruka saba saba, na usiache kukunja kanga mpaka mikono yenyewe isahau." Akaanza 93, 86, 79, uso ukatulia, kichwa kikawa kinafanya kazi nyingine, na mikono ikapunguza mwendo yenyewe macho yalipofika plasta ya pili. Mara ya tano ndiyo tuliyoichukua. Ya sita na ya saba zilikuwa zimeshachakaa; ameshaijua njia, hofu imekuwa mazoezi.

Kuna makosa mawili ya kiufundi ya kuangalia. Ukitumia lenzi pana ya simu kwa karibu, pua inavimba na uso unakuwa wa kikaragosi; rudi nyuma na utumie lenzi ya mara 2. Na macho lazima yawe na nukta ya kutazama iliyobandikwa. Mwigizaji akiambiwa "tazama kule juu" macho yanahangaika, na mtazamaji anaona mtu anayemtafuta mwongozaji. Namna ya kupima ni kuzima sauti kabisa na kumpa mtu atazame. Mwulize: ameona kitu chenye ukubwa gani? Akikuonyesha kwa mkono, uso umefanya kazi. Akisema "ameogopa sana", uso umeigiza.

Uchague ipi

Mimi naanza kwa kuuliza filamu itatazamwa wapi. Ikiwa ni ukumbini au kwenye chumba kilichozimwa taa, mlango wa nyuma unazishinda nyingine, na ningeutolea usiku mzima bila kujuta. Ikiwa itatumwa kwenye simu, na zetu nyingi zinatumwa, basi giza liwe msaidizi, usilipe mzigo wa kubeba filamu.

Halafu nauliza nina nani. Mwigizaji anayeweza kukaa mbele ya kamera bila kufanya kitu, anayeweza kusikiliza na kuonekana anasikiliza, ni mali kuliko taa yoyote. Ukiwa naye, chukua uso. Usipokuwa naye, usijidanganye kwamba utamtengeneza usiku mmoja. Mgeuzie kamera mgongoni, au ionyeshe mikono yake tu, na ubebe tukio kwa sauti.

Sauti ndiyo ninayomshauri mtu wa filamu ya kwanza, kwa sababu makosa yake yanarudishika. Ukigundua wiki ijayo kwamba hatua ziko mbali mno, unavaa kandambili unarudia. Uso na mlango ukivikosa, mwigizaji ameshaondoka na nyumba imeshachukuliwa na wenyewe. Na kwetu pwani sikio lina historia yake. Mwaka 1995, habari za popobawa, jini lililosemwa kuwavamia watu usiku vitandani, zilipoenea Zanzibar, watu walilala nje kwa makundi, wakikesha pamoja. Kilichowatoa ndani ni maneno yaliyopita kutoka nyumba hadi nyumba, na mchakacho wowote juu ya bati ulitosha kuyajibu.

Ninachokataa ni kuzirundika njia zote kwenye sekunde moja. Tulijaribu hilo pia tulipoanza kuhariri kwa pamoja: hatua zinakuja, mlango unafunguka, Rehema anainua macho, vyote kwa mpigo. Tukio likawa linaeleza. Mlango ulithibitisha hatua, uso ukathibitisha mlango, na mtazamaji hakuachiwa hata shaka moja ya kuishika. Njia ya pili inafaa kuja pale ya kwanza inapoishia, na iseme jambo ambalo ya kwanza haikulisema, au hata ilipinge. Hatua zinasema ni bibi. Macho yanasema siyo.

Hivyo ndivyo tulivyomaliza. Toleo lililobaki lina sekunde 45 za usiku wa kwanza, kamera chini, korido haionekani: chwap moja, kisha chwap na krrr, nyenje wananyamaza, hatua nne, zinakoma. Rehema anageuka. Tunakata kwenda kwenye uso wa usiku wa tatu, mara ile ya tano, sekunde 20, macho yanatua usawa wa msumari, yanakaa, yanapanda. Mlango wa usiku wa pili, ambao ulitutoa jasho kuliko vyote, tuliutoa wote isipokuwa picha moja ya mwisho ya mchana: Rehema hayupo, boksi lipo, kanga zimekunjwa zote, na komeo la chumba cha bibi limefungwa kama alivyoliacha.